Kwanini AI ya kukamata video feki inaikosea sura yako na simu yako: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kazi yangu ni kuhakiki video, mtu analeta klipu anauliza hii ni ya kweli au imetengenezwa, na kila wiki maswali ni yaleyale kuhusu hizi programu za kugundua feki. Nimeamua kuyajibu hapa kwa pamoja. Nikisema kigunduzi namaanisha programu inayopewa video ya mtu na kutoa jibu kama sura ni halisi au imetengenezwa na AI. Nikisema kusingizia namaanisha video ya kweli kuitwa feki.

Kigunduzi kinaangalia nini hasa?

Wengi wanadhani kinaangalia kama mtu anasema kweli, au kama mdomo unaendana na maneno. Vipo vinavyoangalia mdomo, ila vingi kazi yake ni nyingine. Programu inaichukua video inaitoa fremu moja moja, inatafuta sura ndani ya kila fremu, inaikata ile sura peke yake na kuipunguza iwe kipande kidogo (modeli inayoitwa Xception, ambayo imetumika sana kwenye kazi hii, inakula kipande cha pikseli 299 kwa 299), halafu modeli inatoa namba kati ya 0 na 1 kwa kila kipande, mwisho zinatafutiwa wastani ndo unapata ile "87% feki" unayoiona kwenye skrini.

Hiyo namba inatokana na mafunzo. Modeli ilionyeshwa maelfu ya video za kweli na maelfu ya zilizotengenezwa, ikaachwa itafute yenyewe kinachozitofautisha. Inachokamata ni vitu vidogo sana ambavyo jicho lako halivioni vizuri: shavu laini kupita kawaida, mpaka wa uso na shingo ambao haujaungana sawasawa, chenga za kwenye uso zisizofanana na chenga za ukuta wa nyuma. Sasa hapo kwenye "kupita kawaida" ndo penye shida yote, manake kawaida ya modeli ni zile sura na zile kamera ilizofundishiwa, nyingine haizijui.

Zilifundishwa kwa sura za nani?

Mkusanyo uliotumika sana unaitwa FaceForensics++, ulitoka 2019, una video halisi 1,000 zilizochukuliwa YouTube, nyingi za watu wanaotazama kamera moja kwa moja kama wasoma habari, yaani uso mbele, taa za studio, hakuna kitu kinachoziba sura. Kila video ikatengenezewa feki kwa njia kadhaa. Watafiti wawili wa chuo kikuu cha Kusini mwa California, Trinh na Liu, waliupitia mkusanyo huo 2021 wakaona wengi mno waliomo ni wazungu, na zaidi ni wanawake wa kizungu. Mkusanyo mwingine maarufu ni Celeb-DF, wa watu mashuhuri 59. Waliouandaa wenyewe waliandika kwamba wazungu ni 88.1%, Wamarekani weusi 6.8% na Waasia 5.1%.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya modeli. Umeona shavu la mtu mweusi mara chache sana, na hizo chache ni za watu mashuhuri chini ya taa nzuri na kamera za bei mbaya. Siku unaletewa selfi ya kijana aliyekaa kibarazani saa moja jioni na simu ya laki mbili. Hujawahi kuona kitu kama hicho kwenye maisha yako yote na bado unatakiwa utoe namba.

Kuna ushahidi au ni hisia tu za watu weusi?

Upo, na umepimwa. Hao hao Trinh na Liu walichukua vigunduzi vitatu wakavipima kwa makundi ya rangi na jinsia, wakakuta tofauti ya kiwango cha makosa kati ya kundi na kundi inafika hadi 10.7%. Mwaka huohuo kampuni ya Facebook ilitoa mkusanyo wa video unaoitwa Casual Conversations, una watu 3,011 waliolipwa na kukubali kurekodiwa, na rangi ya ngozi ya kila mmoja ikaandikwa. Walipovipima vigunduzi vitano vilivyoongoza kwenye shindano lao kubwa la kukamata feki, vikaonekana vinafanya vibaya zaidi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Kumbuka hivyo ndo vilikuwa vinara wa shindano.

Kabla ya hapo, 2018, Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kampuni zinazotambua jinsia ya mtu kwa sura. Ni kazi tofauti na kukamata feki lakini ugonjwa ni huohuo. Walitumia picha 1,270 za wabunge, nusu ya nchi zikiwa Afrika: Rwanda, Senegali na Afrika Kusini, nyingine ni Aisilandi, Ufini na Uswidi. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi 0.8%, kwa wanawake weusi lilifika 34.7%. Mimi huwa nakumbuka sana zile picha za bunge la Rwanda, kwasababu zilikuwa picha rasmi, uso mbele, mwanga mzuri. Kama inashindwa hapo, kibarazani itakuwaje.

Jambo moja nalisisitiza hapa: kwenye vipimo vya Trinh na Liu, vigunduzi vilivyofundishwa kwa njia moja ya kuchanganya picha viliwaonea zaidi wanawake wa Kiasia. Kwahiyo usikariri kwamba siku zote anayeonewa ni mwenye ngozi nyeusi zaidi. Anayeonewa ni yule ambaye mafunzo hayakumjua, au yalimjua vibaya.

Ngozi nyeusi inaisumbuaje kamera? Si kamera ni mashine tu?

Hapa ndo penyewe, naomba usome taratibu. Ngozi nyeusi inarudisha mwanga kidogo kuliko ngozi nyeupe. Hilo halina ubaya wowote, ni namna melanini, ile rangi ya asili ya ngozi, inavyofanya kazi, ila sensa ya kamera, yaani kile kijisehemu kinachopokea mwanga, inaishi kwa kuhesabu mwanga. Mwanga unafika kama chembe chembe zinazoitwa fotoni, na kuna kuyumba kwa asili kwenye hiyo hesabu, kuyumba huko ni kama kipeuo cha pili cha idadi yenyewe. Pikseli ikipokea fotoni 10,000 kuyumba ni kama 100, yaani 1%. Ikipokea 1,000 kuyumba ni kama 32, yaani zaidi ya 3%. Huko kuyumba ndo zile chenga unazoziona kwenye picha za gizani.

Nje mchana shida hii karibu haipo, mwanga ni mwingi na kila ngozi inapata wa kutosha. Tofauti inatokea ndani, kwenye taa moja, jioni, au mtu akikaa mlangoni na jua liko nyuma yake. Simu inapima mwanga wa fremu nzima, na ukuta ukiwa mweupe au mbingu ikiwa imewaka inapunguza mwanga wa picha ili huko nyuma kusiungue, basi uso mweusi unazama. Simu nyingi zinatafuta sura kwanza ili zipimie mwanga hapo, lakini kile kitafuta sura nacho kinaweza kuwa kilifundishwa kwa sura za aina ileile, na kikiikosa sura mwanga unapimwa kwa ukuta.

Chenga zikishakuwa nyingi simu inafanya kazi yake ya pili, inazifuta. Na simu haina namna ya kujua kwa uhakika hii ni chenga au ni kitundu cha ngozi, vyote ni vidoti vidogo, kwahiyo inalainisha vyote kwa pamoja. Matokeo ni shavu laini kama limepakwa nta. Na shavu laini kama nta ndo alama mojawapo ambayo modeli ilijifunza kuwa ni feki. Mtu hajagusa kitu, kamera ndo imemtengenezea ushahidi wa kumsingizia.

Kwahiyo simu na ngozi ni tatizo moja au mawili?

Ni mawili yanayozidishana, na ndo maana siwapendi wanaoyatenganisha. Sensa kubwa ya simu ya bei inapokea mwanga zaidi, na programu yake inapiga fremu nyingi haraka haraka inaziunganisha ili chenga zipungue bila kufuta vitundu vya ngozi. Simu ya bei ya chini ina sensa ndogo, hasa ile ya mbele ya selfi, na mara nyingi inategemea kulainisha kwa nguvu halafu inarudisha ukali wa kingo kwa kulazimisha, ndo unaona ile mistari myeupe kwenye ukingo wa nywele na kola. Weka ngozi nyeusi kwenye simu hiyo jioni ndani ya chumba, kila kitu kinaangukia upande mmoja.

Halafu kuna modi ya urembo. Kwenye simu nyingi zinazouzwa huku kwetu inakuja ikiwa imewashwa tangu kiwandani, na wengine hawajui kama ipo. Kinachofanyika ni kwamba simu inaitambua sura, inaing'arisha na kuilainisha sura tu, shingo na masikio yanaachwa yalivyo au yanaguswa kidogo. Kampuni ya Transsion, wenye Tecno, Infinix na Itel, imejijengea jina Afrika kwa kurekebisha kamera zifae ngozi nyeusi, na kwa mtumiaji ni jambo jema kabisa, watu wameanza kuonekana kwenye picha zao. Lakini kumbuka kigunduzi kinatafuta nini: sura ambayo imeshughulikiwa tofauti na shingo. Feki ya kubadilishiwa sura inaacha alama hiyohiyo. Modeli ambayo haikuonyeshwa picha za simu hizi kwenye upande wa "video za kweli" haiwezi kujua kwamba huku hii ndo hali ya kawaida.

Na video ikipita WhatsApp je?

Inazidi kuharibika, na hili limepimwa zamani kwenye ule mkusanyo wa FaceForensics++ wenyewe. Walitengeneza kila video kwa viwango vitatu: isiyobanwa, iliyobanwa kidogo, na iliyobanwa sana. Modeli ya Xception ilipata 99.26% kwenye isiyobanwa, 95.73% kwenye iliyobanwa kidogo, na 81.00% kwenye iliyobanwa sana. Hapo ilifundishwa na kupimwa kwa kiwango kilekile na watu wa aina ileile, yaani mazingira mazuri kabisa kwa modeli, na bado imeshuka hivyo.

Sababu ni kwamba kubana video maana yake ni kutupa tofauti ndogo ambazo jicho halitaziona, na kigunduzi kilikuwa kinazitegemea hizohizo. Kwenye sehemu zenye giza tofauti kati ya pikseli na pikseli ni ndogo zaidi, kwahiyo zinatupwa mapema. Uso wenye mwanga mzuri ukibanwa unabaki na vitundu kidogo, uso uliozama gizani ukibanwa unabaki bapa wenye maboksi maboksi. Klipu ikifowadiwa, ikashushwa, ikapandishwa tena TikTok, ikarekodiwa skrini na kurudi kwenye grupu, hapo kigunduzi kinasoma makovu ya safari tu.

Tupe mfano mmoja wa kweli.

Alikuja kwangu kijana na klipu ya shangazi yake anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Mama alikuwa anaeleza jinsi alivyotapeliwa mzigo, sekunde kama arobaini, imesambaa kwenye magrupu. Mtu mmoja akaipitisha kwenye kigunduzi cha mtandaoni, sikitaji jina, kikasema 0.91 feki, picha ya ile skrini ikaanza kuzunguka kuliko klipu yenyewe. Wateja wakaanza kumwambia mama usoni kwamba ametengeneza video ya uongo. Alikuwa analia aliponiambia, na mimi iliniuma sana kwasababu huyo mama hajui hata AI ni nini.

Cha kwanza niliomba faili la asili kutoka kwenye simu iliyorekodi, na lilikuwepo bado kwenye kadi ya kumbukumbu ya huyo mpwa wake, bahati. Nikalipitisha kwenye kigunduzi kilekile: 0.58. Yaani klipu ileile, mtu yuleyule, sauti ileile, kutoka 0.58 hadi 0.91 kwasababu tu imepita kwenye kufowadiwa. Hapo nikajua sehemu ya hiyo 0.91 ni ya njia iliyopita.

Ikabaki 0.58 ya kuelezea. Nikaiangalia fremu kwa fremu. Mama kakaa ndani ya banda, nyuma yake mlango uko wazi na ziwa linang'aa, uso umezama. Shavu la kulia liko laini kabisa, ila mkono wake ulioshika beseni, ambao ulikuwa karibu na mwanga wa mlangoni, mikunjo ya vidole inaonekana vizuri. Nikafungua kamera ya ile simu, modi ya urembo ipo na imewashwa, imewekwa katikati. Mpwa hakuwa anajua.

Tukaenda Mwaloni kesho yake asubuhi. Nikamrekodi mama kwa simu ileile palepale alipokaa, urembo umewashwa, halafu urembo umezimwa, halafu nikamgeuza auangalie mlango badala ya kuupa mgongo. Faili zote za asili, hazikutumwa popote. Ya kwanza ikatoka karibu na ile ya mwanzo, ya pili ikashuka kidogo, ya tatu ikawa 0.14. Nikarudia ile ya kwanza kwa simu yangu ambayo ina sensa kubwa zaidi, ikatoka 0.22. Mama hakubadilika kitu chochote, tulichobadilisha ni mwanga, programu ya kulainisha na sensa. Niliandika ukurasa mmoja wenye hizo fremu pembeni kwa pembeni nikampa kijana awapelekee wale wa kwenye grupu, maana maneno matupu yasingetosha, watu walikuwa wameshaona namba.

Makosa ni ya kusingizia tu?

Hapana, kuna na kuzipitisha feki. Trinh na Liu waliona jambo moja la kushangaza kwenye feki za mafunzo: nyingi zilikuwa za kumvisha mtu sura ya mtu wa rangi nyingine au jinsia nyingine. Modeli ikajifunza njia ya mkato, kwamba sura isiyofanana na mwili wake ndo feki. Tapeli wa kweli hafanyi hivyo, anachukua mtu anayefanana naye. Kwahiyo feki iliyotengenezwa vizuri ya mtu mweusi juu ya mwili wa mtu mweusi inaweza kupita kwa urahisi kwenye modeli ambayo haikufundishwa mfano kama huo.

Kuna pia vigunduzi vinavyosoma mapigo ya moyo usoni, yaani ngozi inabadilika rangi kidogo sana kila damu inaposukumwa, na kamera inaweza kuyaona mabadiliko hayo zaidi kwenye rangi ya kijani. Ni wazo zuri, lakini melanini inameza sehemu kubwa ya mwanga huo kabla haujarudi, kwahiyo ishara kwenye ngozi nyeusi ni dhaifu, na kubana video kunaweza kuifuta kabisa. Kigunduzi kisipoona mapigo kinaweza kusema hakuna mtu hapa.

Wanatangaza usahihi 96%. Si inatosha?

Uliza 96% ya nani. Chukua namba za mfano, nimezitunga ili hesabu ionekane. Video za kweli 1,000, kati yake 900 ni za watu na simu ambazo modeli inazijua, 100 ni za huku kwetu. Kwenye 900 inasingizia 2%, yaani 18. Kwenye 100 inasingizia 20%, yaani 20. Jumla ya makosa ni 38 kati ya 1,000, usahihi ni 96.2% na tangazo ni la kweli kabisa. Lakini watu ambao ni sehemu moja ya kumi ya wote wamebeba zaidi ya nusu ya masingizio. Wastani umelificha hilo.

Na hiyo "0.91" sio uwezekano wa 91% kwamba video ni feki. Ni alama ya modeli, na anayeamua kwamba juu ya 0.5 ni feki ni mtu aliyekaa mahali akachagua kikomo kinachofaa video alizokuwa nazo. Kama video za kweli za simu zetu zinaanzia 0.4 kwenye mizani yake badala ya 0.1, kikomo hichohicho kinatukata sisi wengi.

Si waongeze tu sura nyeusi kwenye mafunzo iishe?

Inasaidia, haimalizi. Ukiongeza sura nyeusi zote za studio utakuwa umefundisha ngozi bila kufundisha simu. Ukiongeza video za simu za bei ya chini upande wa feki tu, modeli itajifunza kwamba simu mbovu ni sawa na feki, na hilo linatokea kirahisi sana kama feki zako umezichota mitandaoni na za kweli umerekodi mwenyewe. Kinachotakiwa ni kila aina ya ngozi, kila aina ya simu na kila kiwango cha kubanwa viwepo pande zote mbili, za kweli na za feki, ili modeli isipate njia ya mkato.

Na hata kuipanga ngozi kwenyewe kuna mtego. Kipimo kilichozoeleka ni cha daktari Fitzpatrick cha 1975, kilitengenezwa kupima ngozi inavyoungua na jua, kina makundi sita na ngozi nyeusi zilikuja kuongezwa baadae. Sasa ngozi zote kuanzia Rwanda hadi Sudani Kusini unazibana kwenye makundi mawili ya mwisho. Mwaka 2022 kilitoka kipimo cha Monk chenye rangi 10, ni afadhali zaidi, ila nacho hakisemi mwanga ulikuwaje siku ile ya kurekodi.

Nawezaje kukipima kigunduzi kabla sijakiamini?

Rekodi klipu fupi za watu unaowajua, kwa simu ambazo watu wako wanatumia kweli, mchana nje na jioni ndani, urembo umezimwa na umewashwa. Unajua zote ni za kweli, kwahiyo kila "feki" ni kosa. Halafu zibane mwenyewe kwa ffmpeg, programu ya bure ya kubadilisha video kwa kuandika amri kwenye kompyuta, uone alama zinavyosogea:

```
ffmpeg -i asili.mp4 -vf scale=-2:480 -c:v libx264 -crf 35 -c:a copy imebanwa.mp4
```

Hiyo `480` ni urefu wa picha kwa pikseli, na `crf` ikiwa kubwa ndo inabanwa zaidi, kawaida ya programu hiyo ni 23. Jaribu 23, 30 na 35 kwa klipu ileile. Kama alama inapanda kwa watu weusi na kubaki ilipo kwa weupe, umeshapata jibu lako.

Usiamue kwa klipu tano. Hata ukipima klipu 30 za kundi moja na kisikosee hata moja, kiwango chake halisi cha makosa kwa kundi hilo bado kinaweza kufika kama 10%. Ndo maana anayekuambia "nimejaribu kwa rafiki zangu iko poa" hajakuambia kitu.

Nimesingiziwa. Nianzie wapi leo hii?

Usifute faili la asili, hata kama simu imejaa, na usilitume kama video ya kawaida WhatsApp, litume kama dokumenti ili lisibanwe. Andika ni simu gani, kamera ya mbele au ya nyuma, modi ya urembo ilikuwa imewashwa au la, saa na mahali. Kama unaweza, rudi palepale muda uleule na simu ileile ujirekodi ukisema tarehe ya leo, kisha ipitishe kwenye kigunduzi kilichokusingizia. Ikitoka juu kama ile ya mwanzo, una ushahidi kwamba kinachosomwa ni kamera na mwanga wa pale. Na aliyekupa ile namba muulize amepitisha faili la asili au lililofowadiwa, wengi hawajawahi kuulizwa hilo.